Upepo wa Chumba cha Pili

Kabla Nzuki hajapewa usimamizi wa vyumba vya baridi, feni za chumba cha pili zilikuwa zikizimwa kila mara mtu alipoingia kufanya kazi humo. Mzee aliyemtangulia alifanya hivyo miaka tisa, na hakuna aliyemwuliza sababu. Nzuki aliuliza, ingawa mzee alikuwa amekwisha kuondoka na hakuna mwingine aliyejua. Alikuwa mtu wa kuuliza, na sifa hiyo aliipenda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nyuma ya Kinanie, kikichinja mbuzi na kuwagandisha kwa ajili ya kuwasafirisha Uarabuni. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kuhifadhia nyama iliyokwisha kuganda, na hewa yake ilikuwa imetulia. Cha pili kilikuwa cha kugandishia. Humo feni nne, kila moja pana kama mlango, zilisukuma hewa juu ya nyama iliyoning'inia ili igande upesi. Hapakuwa na tofauti nyingine. Vyote viwili vilikaa kwenye digrii ishirini chini ya sufuri.

Juma la kwanza la kazi yake mpya, mwezi wa Mei mwaka 2003, Nzuki alikining'iniza kipimajoto mbele ya feni iliyozimwa. Kikasoma ishirini chini. Akawasha feni, akangoja, akasoma tena. Ishirini ile ile. Akaandika kwenye daftari kwamba feni haiongezi baridi hata chembe, na kwamba kuzizima ni kupoteza robo saa bure. Meneja alimsifu mbele ya watu. Tangu siku hiyo feni hazikuzimwa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Kalekye, mama wa makamo kutoka Kola, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vibandiko vya namba kwenye miguu ya mbuzi. Uzi wa vibandiko ulikuwa mwembamba. Haukufungika mtu akiwa amevaa glavu nene, kwa hiyo alizivua na kubaki na zile nyepesi za pamba.

"Bosi, kule ndani siku hizi kunachoma," alimwambia Nzuki. "Si kama huku kwa chumba ya kwanza."

"Kunachoma namna gani?"

"Kunachoma tu. Mwili unajua."

Nzuki akaona hapo ndipo pa kukata mzizi wa maneno. Akawaita wafanyakazi wote, akampeleka Kalekye mbele ya vipimo viwili vilivyokuwa ukutani nje ya milango.

"Soma hiki."

Kalekye hakuwa msomaji wa haraka. Aliinama, akakaza macho. "Ishirini."

"Na hiki?"

"Ishirini."

"Basi hiyo baridi ingine umetoa wapi, mama? Umebeba kwa kikapu kutoka Kola?"

Watu walicheka. Kalekye naye akacheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiye na pa kujificha, akarudi kazini. Baada ya hapo hakulalamika tena, na wengine waliokuja na neno lile lile Nzuki aliwaonyesha vipimo vile vile.

Julai ikaja na mawingu yake. Siku moja asubuhi kulikuwa na shehena ya mbuzi mia tatu wa Abshir, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na zizi kubwa upande wa Athi River, na lori la mizigo lilikuwa likingoja getini. Kalekye aliingia chumba cha pili na vibandiko vyake. Glavu zake za pamba zilikuwa zimelowa, maana kabla ya kufunga alilazimika kupangusa miguu ya wale mbuzi wapya. Baada ya dakika kumi na tano alitoka, mikono ameifumbata kwapani.

"Naomba nipate moto kidogo, bosi."

Nzuki aliangalia saa, kisha akaangalia karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi ilisema kwamba katika digrii ishirini chini mtu hufanya kazi dakika arobaini ndipo apumzike. "Uko na dakika ishirini na tano bado," alisema. "Rudi."

Alirudi. Zilipokwisha dakika hizo alitoka, akasimama karibu na meza, na Nzuki, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha na moyo wake ulikuwa mweupe, alimwuliza vidole vinaendeleaje.

"Sasa haviumi," Kalekye alisema.

"Si unaona? Umezoea."

Abshir alikuwa amesimama hapo akingoja karatasi zake. Alitazama mkono wa kulia wa yule mama, akasogea, akatazama tena. "Wewe msimamizi," alisema kwa sauti ya chini, "angalia huyu mama. Vidole vyake si vya mtu aliye hai."

Vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nzuki alipovigusa alihisi ugumu wa nyama anayoigusa kila siku. Alivishika akaanza kuvisugua, hadi Abshir akamwambia aache, amtafutie mama gari. Hospitalini muuguzi aliitia ile mikono katika maji ya vuguvugu, akamkemea Nzuki kwa kuvisugua, akisema kusugua huirarua nyama iliyoganda. Maumivu yaliporudi Kalekye alipiga ukelele, "Mwaitu! Mwaitu!" akimwita mama yake aliyekwisha kufa, na Nzuki akatoka nje akasimama karibu na bomba la maji.

Meneja alitaka taarifa kabla ya saa kumi. Nzuki aliketi akaandika kwa mwandiko mzuri: *Kipimo kilisoma digrii ishirini chini, kama kawaida. Muda haukuzidi dakika arobaini. Mfanyakazi alivua glavu kwa hiari yake.* Kila sentensi ilikuwa kweli. Siku iliyofuata Kalekye aliandikiwa barua kwamba asirudi, kwa uzembe.

Siku mbili baadaye alikuja Antony, fundi wa mitambo ya baridi, kukagua feni. Nzuki alimsimulia kisa chote kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kama mtu anayetafuta shahidi. Antony alimsikiliza huku akipangusa bisibisi.

"Ulipima nini?" aliuliza.

"Hewa."

"Na yule mama ni hewa?"

Antony aliomba mikebe miwili ya ukubwa mmoja na maji ya moto. Akachanganya na ya baridi mpaka maji ya mikebe yote miwili yakafika digrii thelathini na saba. "Hii ndiyo damu ya mtu," alisema. Akatumbukiza waya wa kipimo katika kila mkebe, mmoja akauweka chumba cha kwanza, wa pili akauweka mbele ya feni. Wakangoja dakika kumi nje ya milango.

Mkebe wa chumba cha kwanza ulikuwa umeshuka hadi thelathini na moja. Wa mbele ya feni ulikuwa kumi na tano.

Nzuki alisoma mara mbili. "Basi feni inaongeza baridi," alisema.

"Haiongezi. Hapo ulikuwa sawa. Tukiiwacha mpaka kesho, yote miwili itafika ishirini chini na itaishia hapo, wala huu wa feni hautapita. Feni haifanyi hewa iwe baridi zaidi. Inaharakisha wizi tu." Antony aliinua mkono wake, akaupitishia kiganja cha pili juu bila kuugusa. "Mwili unatoa joto saa zote. Hewa iliyo karibu na ngozi inapata hilo joto, inakaa hapo kama blanketi nyembamba. Hewa ikitulia, blanketi inabaki. Upepo ukija unaibeba. Mwili unatengeneza ingine, upepo unabeba tena. Na glavu ikiwa na maji ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yanavuta joto nje haraka. Sasa kipimajoto chako hakina damu. Kimekaa pale baridi kama hewa yenyewe. Upepo utakiibia nini?"

"Na ile karatasi ya mlangoni? Dakika arobaini?"

"Hiyo ni ya chumba ambayo hewa imetulia. Ndiyo maana yule mzee alikuwa anazima."

Nzuki alienda akazizima feni zote nne. Kisha akaingia chooni, akafunga mlango. Alilokumbuka si vidole, bali ile "umezoea" aliyomwambia, na jinsi alivyoisema akitabasamu. Mama wa watu alikuwa ameacha kusikia maumivu kwa sababu nyama ilikuwa inakufa, na yeye akampongeza. Uso ulimwaka, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Aliandika taarifa ya pili mchana ule ule. Meneja aliisoma akaisukuma kando. "Ya kwanza imeshaenda ofisi kuu. Unataka wajue hatuna akili?"

"Si nyinyi. Ni mimi," Nzuki alisema. "Andika jina langu tu. Lakini huyo mama hakuwa mzembe." Hakuondoka mezani mpaka meneja alipoweka muhuri.

Jumapili alishuka Kola na kuuliza njia hadi kwa Kalekye. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, binti yake Mwelu akimshikia kikombe cha uji. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Ncha za vidole viwili zilikuwa zimekuwa nyeusi, Mwelu alisema, na daktari alikuwa amepanga kuzikata.

Nzuki alikuwa amejipangia maneno njiani, na yote yakampotea. Alieleza habari ya mikebe, ya thelathini na moja na kumi na tano. Alieleza ya upepo na blanketi. Kalekye alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ni kweli kulikuwa kunachoma," alisema.

"Ni kweli, mama. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Mimi nilijua bila mkebe." Hakusema kwa hasira. "Uliniambia mbele ya watu, nikasoma mbele ya watu, wakanicheka. Sasa unakuja kuniomba msamaha nikiwa peke yangu na mtoto. Enda useme kwa wale walicheka. Halafu utakuja tuongee."

Jumatatu Nzuki aliwasimamisha wafanyakazi wote ishirini na watatu. Aliwaambia kipimajoto hakikudanganya, aliyedanganyika ni yeye, kwa sababu alikiuliza swali moja akadhani kimejibu jingine. Aliwaambia Kalekye alisema ukweli naye akamfanyia mzaha. Hakuna aliyecheka. Munyiva, mpakiaji, alimwuliza, "Na sisi wengine si tulikuambia?"

"Mliniambia," Nzuki alisema.

Kalekye alirejeshwa kazini mwezi wa Septemba, stoo ya maboksi, mbali na baridi. Nzuki alikwenda kumsalimu siku ya kwanza. Alimpa mkono, na Kalekye akautoa ule wa kulia, bila kuuficha, akamwacha aushike na kuzisikia zile ncha fupi zenye kovu laini.

"Habari ya asubuhi," alisema.

"Nzuri, mama."

"Haya. Niletee gundi, hii imeisha."

Nzuki akaenda kuleta gundi.