Ukurasa wa Nne

Gertruda aliandika barua ya kumkaribisha Winifrida, bibi shamba mpya, kwa nusu saa tu, kwa mkono, kwenye daftari, kisha akaichapa kwenye kompyuta pekee ya ofisi. Ilikuwa nusu ukurasa. Akaisoma mara mbili, akaridhika, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana kuridhika mapema katika ofisi ya Mratibu Ladislaus ni kujitafutia presha.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyuma ya soko la Mbinga, vyumba viwili vya shirika la kusaidia wakulima wa kahawa. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa kila mwenye fedha, wanunuzi walikuwa wengi kama siafu, lakini wa kumfundisha mkulima namna ya kutunza mche hakuwapo. Shirika likaweka vituo vitatu. Viwili vilikwenda vizuri. Cha Tingi, huko chini njia ya kuelekea ziwani, kilikuwa kimekimbiwa na mabwana shamba wawili ndani ya mwaka mmoja, na wafadhili walishasema: akiondoka na wa tatu, kituo kinafungwa. Gertruda alizaliwa Tingi. Kitalu cha miche kilikuwa jirani na makaburi ya wazazi wake. Hilo hakulisema ofisini, lakini lilimkaa rohoni kila alipopita kwenye ramani ya ukutani.

Tena alijua kwa nini wale wawili walikimbia. Hakuna aliyewaambia waanzie wapi. Walifika, wakaenda moja kwa moja kitaluni na makaratasi yao, na wiki nzima hakuna mkulima aliyejitokeza. Basi katika barua yake alieleza yote:

“Siku ya kwanza ni Jumatatu tarehe 6 Juni, saa mbili asubuhi, hapa ofisini Mbinga. Usipitilize kwenda Tingi. Utalala hapa usiku mmoja, na Jumanne dereva wetu Hyasinti atakupeleka. Namba yake ya simu iko hapo chini. Tingi simu hazishiki. Ukifika, kabla ya kutua mzigo, nenda kwa Mama Asteria, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Keti, msalimie, ukubali chakula. Ufunguo wa nyumba anao yeye. Wiki ya kwanza usitarajie kumfundisha mtu. Utazunguka na Mama ukisalimia nyumba kwa nyumba. Juni kuna baridi na ukungu, umeme hakuna, maji ni ya chemchemi. Njoo na blanketi na mabuti. Ukikwama njiani, nipigie mimi.”

Ladislaus aliisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

“Gertruda, hii ni barua ya shirika au ya kumwita mdogo wako harusini?”

“Ni ya mfanyakazi mpya, bosi. Anahitaji kujua aje lini na amwone nani.”

“Kumbukumbu namba iko wapi? Historia ya shirika iko wapi? Mtu anaingiaje kwenye taasisi ambayo hamjui mwanzilishi wake?” Akaketi kwenye kiti cha Gertruda, akamwacha amesimama kama mtoto wa shule. “Na dereva anaingiaje kwenye orodha ya mawasiliano muhimu?”

“Ndiye atakayempeleka.”

“Mawasiliano muhimu yanaanza na Mwenyekiti wa Bodi.”

“Mwenyekiti wa Bodi yuko Dar es Salaam, bosi.”

“Hata akiwa mwezini!”

Siku mbili nzima Ladislaus aliinenepesha ile barua. Akaweka historia tangu mwaka 1995. Akaweka dira. Akaweka wasifu wake mwenyewe, na semina zote alizohudhuria, hata ile ya Morogoro alikougua tumbo akarudi siku ya pili. Akapanga majina ya wajumbe wa bodi kwa vyeo, kila mmoja na sanduku lake la posta. Gertruda alipigania nusu ukurasa wake kama kuku anavyopigania vifaranga, mpaka bosi akachoka.

“Haya, yaache hayo mambo yako. Lakini yakae mwisho kabisa, baada ya sahihi yangu.”

Hivyo siku ya kwanza, ufunguo, Mama Asteria na blanketi, vyote vikaangukia ukurasa wa nne. Gertruda alitamani kupiga kelele. Akachapa kama alivyoambiwa, maana ana watoto wanaosoma.

Ijumaa mchana wakaituma kwa barua pepe. Kompyuta ilipitia laini ya simu, ikapiga mluzi wake, ikakata. Mara ya pili Ladislaus akainua simu kuongea na Songea, ikakata tena. Mara ya tatu ikaenda. Winifrida hakuwa na anwani yake mwenyewe. Kama wengi wakati ule, alikuwa ameandika kwenye fomu anwani ya duka la intaneti la Songea, na kwenye kichwa cha barua ilibidi uandike “KWA: WINIFRIDA – KITUO CHA TINGI” ili mwenye duka ajue ampe nani. Gertruda aliandika hivyo. Hakuwaza zaidi ya hapo, na baadaye alijilaumu sana kwa kutowaza.

Jumatatu saa mbili, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Hyasinti aliosha gari, akalifuta, akaliosha tena. Ladislaus alikuwa amevaa tai kwa ajili ya mapokezi. Saa saba akaivua.

“Vijana wa siku hizi,” alisema. “Unamwandikia barua nzuri namna ile, hata kuja haji.”

Jumanne asubuhi dereva wa lori la mihogo akapiga hodi. Alikuwa na salamu kutoka Tingi: kuna binti na sanduku lake la bati, yuko huko tangu Jumapili, amelala darasani shuleni, na leo mchana lori likirudi ameomba lifti ya kuondoka.

Gertruda hakuaga. Alichukua mkoba, akamwambia Hyasinti awashe gari, na njia nzima, makorongo na kona, alikuwa akiongea peke yake. Hyasinti alimwacha aongee. Alijua hiyo si hasira ya siku moja.

Walimkuta Winifrida barazani mwa nyumba ya kituo, mlango umefungwa kwa kufuli, amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Binti mwembamba, midomo imekauka kwa baridi. Alisimama kwa adabu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mimi ndiye Gertruda wa ofisini. Kwa nini hukuja Mbinga?”

Winifrida akafungua sanduku, akatoa karatasi moja iliyokunjwa vizuri. Moja. Ilikuwa na kumbukumbu namba, na historia ya shirika tangu mwaka 1995, na ilikatikia katikati ya dira.

“Mwenye duka alinichapia ukurasa huu tu,” alisema. “Umeme ulikuwa unakaribia kukatwa. Nikamwuliza mengine yanasemaje, akaangalia kidogo, akasema ni majina ya wakubwa na wasifu wa bosi, hakuna la kunihusu. Juu wameandika Kituo cha Tingi, nikaja Tingi.” Akaikunja tena karatasi. “Mama, nimekaa siku mbili. Nikiuliza ufunguo, watu wanatazama pembeni. Mimi sijawakosea kitu. Naondoka.”

Gertruda alijisikia kulia kwa ghadhabu. Alifungua mkoba, akatoa lile daftari lake, akalifungua penye nusu ukurasa wa mkono wake. Winifrida alisoma akiwa amesimama, polepole. Alipofika kwenye blanketi akacheka kicheko kisicho na furaha.

“Ungekuwa umeniletea hii tu, mama.”

“Nilikuletea. Ilikuwa ukurasa wa nne.”

Mama Asteria alikuwa akianua usipa nyuma ya nyumba yake, wale dagaa wadogo aliopelekewa na shemeji yake wa ziwani. Aliwaona wakija lakini hakuinuka. Winifrida akapiga magoti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kumbe unayo shikamoo.” Aliendelea kuanua. “Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kaja Jumapili watu wako kanisani, Jumatatu alfajiri yuko kitaluni anahesabu miche. Kaanza na jembe. Wale wenzake vilevile. Nikajiuliza, hawa wanafunzwa na nani?”

“Kosa si lake, mama,” Gertruda alisema. “Ni letu.” Akamweleza habari ya karatasi, kurasa nne, na sahihi. Mama Asteria alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono.

“Huyo aliyeweka jina langu nyuma ya sahihi yake, kituo hiki kina miaka mitatu. Umewahi kumwona hapa?”

Gertruda alifikiri. Alikumbuka gari likishuka na mbolea, na mabwana shamba, na wafadhili waliopiga picha. Kumwona Ladislaus hapo hakukumbuka, hata mara moja.

“Hapana, mama.”

“Basi. Njooni mle.”

Walikula ugali na usipa, na majirani wakaanza kupita mmoja mmoja kama kwa bahati, wakimsalimia binti. Lori lilipiga honi barabarani. Winifrida akamtazama Gertruda, Gertruda akamtazama Mama Asteria, na Mama Asteria akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga.

“Nakupa mpaka Jumapili,” alimwambia binti. “Mkubwa wako akija kusalimia, utabaki nao. Asipokuja, lori hupita Jumanne. Sitaki tena kuletewa watoto wa watu wateseke na baridi kwa ajili ya mtu asiyenijua. Chukua kalamu, uandike ninavyosema.”

Lori likaenda bila Winifrida.

Jumatano asubuhi Ladislaus alikuwa ofisini mapema, uso umeng’aa, maana Hyasinti alishamwambia binti amebaki.

“Umeona?” alisema. “Barua imefanya kazi. Kuanzia sasa ndiyo itakuwa mfano wetu kwa wafanyakazi wote wapya.”

Gertruda aliuma meno. Kisha akaweka mezani karatasi aliyotoka nayo Tingi, mwandiko wa Winifrida, maneno ya Mama Asteria:

“Kwa Ladislaus. Karibu Tingi. Siku yako ya kwanza ni Jumapili hii, baada ya misa. Wa kumwona ni mimi, Asteria, nyumba ya pili baada ya shule. Utarajie kukaa chini na kusikiliza, hutaombwa kusema. Njoo na blanketi la yule binti. Usipokuja, kituo chako chukua.”

Ladislaus aliisoma. Akaisoma tena. Akaigeuza karatasi kutafuta upande wa pili.

“Kurasa nyingine ziko wapi?”

“Ni hiyo moja tu, bosi.”

Akatazama kalenda, halafu ramani ya ukutani, halafu tena ile karatasi. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini.

“Jumapili itabidi tutoke hapa alfajiri. Namba ya Hyasinti ni ngapi?”

“Umeipitisha mwenyewe, bosi,” alisema Gertruda, akivuta kiti chake. “Iko ukurasa wa nne, baada ya sahihi yako.”