Skrubu Moja ya Mazoea

Fundi alimweleza shangazi yake mapema. Mabati ya migongo ni nafuu, lakini skrubu zake hutoboa bati; jua likilitanua na baridi ikilirudisha, matundu hupanuka, raba za kuziba huchoka, na nyumba huvuja. Yale ya kukunjwa mishono bei yake karibu mara mbili, ila vishikio vimejificha ndani ya mshono, na bati huteleza litakavyo bila kutobolewa.

"Weka ya kukunja," shangazi akasema. "Nimechoka kulala na ndoo."

Mvua ya kwanza ilipomwagika juu ya paa jipya, shangazi alicheza pekupeku sebuleni, akamvuta fundi, wakazunguka wakicheka hadi pumzi zikawaishia. Hapo tone likamdondokea fundi puani. Likafuata la pili.

"We mtoto! Umelifanya nini paa langu?"

Fundi akakumbuka, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Siku ile kazi ilipokwisha, mkono ulikuwa umemwasha kwa mazoea ya mabati ya migongo. Alikuwa amekaza skrubu moja katikati ya bati, eti lisije likateleza.

Shangazi akaleta ndoo, akamvika kichwani.

"Haya, leo utalala nayo wewe."