Mkono wa Lowoi Kwenye Santuri Saba

Watu wa Isiolo watakwambia Halimo ana masikio. Ni kweli, masikio ninayo. Kichwa cha kuyasimamia ndicho nilichokosa, na aliyeumia si mimi. Ni Akal, mke wa Lowoi. Basi kaeni niwaambie, na mtu asinikatize.

Marehemu mume wangu aliniachia duka la redio na santuri karibu na soko. Watu walikuja na kaseti tupu, mimi nawarekodia nyimbo kutoka kwenye santuri. Lowoi alikuwa fundi wangu miaka sita. Mturkana mrefu, mkimya, mkaidi kuliko punda wa maji, na mimi nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Redio zikiisha kutengenezwa, aligeuza debe tupu la mafuta ya taa akaanza kulipiga, na kinanda kidogo cha betri kikiwa kwenye magoti. Nilimgombeza kila siku. Adhana ikilia, debe lazima linyamaze, hapo hatukuwa na mchezo.

Nililisikia debe lile mpaka likaniingia kwenye damu. Hesabu nne: moja, mbili, tatu, nne. Hiyo ni raundi. Pigo zito linaanguka kwenye moja na kwenye tatu, kama kwa kila mtu. Lakini Lowoi akifika raundi ya nne, ile moja anairuka. Mguu wako umeshajiandaa kukanyaga, unakuta shimo, halafu anagusa debe kidogo kwa ncha ya kidole. Na kile kipigo cha pili, ambacho wengine wanakipigia makofi sawasawa kwenye mbili na kwenye nne, yeye alikichelewesha kidogo tu, ukadhani mtu amelala akashtuka. Kwa kinanda alikuwa na tabia zake pia. Alipanda sauti tatu, akarudia kupanda zile zile, mara ya tatu akashuka. Na hakumalizia kwa do hata siku moja. Aliishia kwa so, akaiacha inaning'inia. Alijifunza do-re-mi kwenye kwaya ya kanisani, akanifundisha na mimi, mama wa Kiislamu niliyeachwa na kelele zake.

Mwaka wa themanini na moja akaenda Nairobi. Barua zikaja kwa Akal: amepata kazi studio moja ghorofani, amepewa mashine ya ngoma, kitu chenye vitufe kinachopiga ngoma chenyewe. "Nimeifundisha debe," aliandika. Barua ya mwisho ilifika Septemba ya themanini na mbili. Baada ya hapo, kimya. Akal akaandika, barua zikarudi. Yattani, dereva wa lori la ng'ombe, akaenda kuulizia, akakuta studio imehama na mlangoni kuna fundi cherehani.

Lakini mimi nilikuwa na santuri. Karatasi ya katikati inaandika jina la mwimbaji na la kampuni, fundi wa ngoma haandikwi kabisa. Haidhuru. Barua zilipokuwa bado zinakuja nilinunua moja, mwimbaji simjui, nikaweka sindano. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, shimo! Halafu kile kidole. Nikapiga kelele mpaka wateja wakadhani nimeumwa na nge. Ngoma nzito ilikuwa na mkia mrefu unaovuma chini, makofi yamechelewa, na toazi lilikuwa na kasoro: kila raundi pigo lake la kwanza linatoka mara mbili, tsi-tsi. Nikajua hiyo ni mashine yake. Na kinanda kikapanda tatu, kikapanda tatu, kikashuka, kikaishia kwa so.

Basi nikawa mwindaji. Kila santuri mpya iliyoingia Isiolo niliisikiliza kwa mambo hayo tu. Waimbaji tofauti, lugha tofauti, moja Kikamba, moja Kiswahili, na fundi ni yule yule. Kwa miaka mitatu nikapata saba. Nilizipanga kwa ile namba iliyochorwa kwenye plastiki laini karibu na tundu, ambayo watu hawaiangalii. Nne za kwanza zilikuwa na herufi moja na namba zinazofuatana. Tatu za mwisho zilikuwa na herufi nyingine. Nikasema, amehama kampuni, mjanja huyo.

Sasa mwaka wa themanini na nne, baada ya kununua ile ya tano, Akal akaja dukani. Alikuwa na miaka thelathini na tatu na hakuwa na mtoto. Ebei, mwashi wa Ngaremara, mjane, mtu mpole, alikuwa amemposa.

"Mama Tache," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa jina la mwanangu, "pasta anasema kama Lowoi hakuna habari yake, na wazee wakikubali, atatufungisha. Nimekuja kukuuliza wewe. Wewe ndio unasikianga."

Mimi nilivimba kichwa. Niliulizwa kama hakimu! Nikaweka ile ya tano.

"Hiyo ngoma ni ya nani?"

Akasikiliza, machozi yakamlenga. "Ni yake."

"Imetoka juzi. Maiti hapigi ngoma. Mumeo yuko hai, Akal, anakula raha Nairobi."

Akasikiliza tena mpaka mwisho. "Lakini kinanda si yake," akasema polepole. "Hii inaishia kwa do. Na haikupanda ile tatu."

Ebo! Nilimpa vidonge vyake. Nikamwambia mtu akikaa Nairobi miaka mitatu hata kutembea anabadilika, sembuse kinanda. Nikamwambia mimi nimezaliwa na redio sikioni, yeye ameimba kwaya tu. Nilijua anasema kweli. Nilikuwa nimeisikia ile do mara ishirini, na kila mara nilijiambia maneno hayo hayo. Lakini nilitaka Lowoi awe hai, na nilitaka iwe mimi niliyempata, hayo mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Akal akamkatalia Ebei. Ebei akangoja, mtu wa watu, akasema pengine moyo wake utageuka. Santuri ya sita ikatoka, nikampelekea Akal habari mwenyewe, nikitabasamu kama mjinga. Ya saba ikatoka. Ebei akachoka, akaoa mwanamke wa Leparua.

Mwaka wa themanini na sita bendi moja ikaja kupiga Isiolo. Karatasi ilibandikwa ukutani ikiwa na jina la mwimbaji wa ile santuri ya saba. Nikafunga duka adhuhuri, nikaswali, nikaenda ukumbini. Walikuwa wanajaribu vyombo. Hata sijafika mlangoni nikalisikia lile shimo la raundi ya nne, tsi-tsi, na makofi ya usingizi. Nilikimbia, mama mzima na buibui langu.

Jukwaani alikuwa kijana Mmeru, hana hata ndevu za maana, anapiga kinanda. Pembeni yake kwenye meza kulikuwa na kisanduku cheusi chenye vitufe. Ngoma ilitoka humo, yeye hakigusi.

"Lowoi yuko wapi?" nikapiga ukelele.

"Habari, mama. Lowoi nani?"

"Mwenye ngoma hii!"

Akasimamisha kisanduku. Jina lake lilikuwa Ntongai, na sina ubaya naye, alikuwa na adabu. Akaniita nipande, akanionyesha. Raundi moja ina vitufe kumi na sita kwa safu. Unachagua chombo, kama ngoma nzito, unabonyeza mahali unapotaka kilie, taa inawaka. Raundi nne unaziunga, mashine inazizungusha.

"Ona raundi ya nne," akasema, "hapa kwa kitufe cha kwanza taa imezimwa. Na makofi yangekaa kwa cha tano na cha kumi na tatu, lakini imewekwa kwa cha sita na cha kumi na nne, imechelewa kitufe moja. Toazi iko na ugonjwa, hiyo ya kwanza inaruka mara mbili. Tuliipata hivyo."

"Mliipata?"

"Mdosi wetu, mwenye bendi, alinunua vyombo vya studio moja iliyofungwa, themanini na tatu. Mashine ilikuja na midundo ndani, betri inaishikilia hata ukizima. Watu walipenda, tukaiacha hivyo hivyo. Mimi sijui kuandika kama hiyo, mama. Nabonyeza tu, napiga kinanda juu yake."

"Aliyeiandika?"

Akaangalia chini. "Walikuwa wanamuita Fundi Debe. Mzee wa kubeba spika ndiye alituambia. Alishikwa na kifua, akafa hospitali, Januari ya hiyo themanini na tatu. Jina lake la kweli hakuna mtu alikuwa anajua, hata kwao. Walichanga wakamzika makaburi ya huko."

Inna lillahi. Nilishika ile meza. Nikamwambia, "Piga kinanda, mwanangu. Chochote." Akapiga. Kizuri, safi, hakina kosa. Kila mara kinarudi kwenye do. Hakupanda tatu hata mara moja. Ilikuwa santuri ya tano, ya sita, na ya saba.

Ngoma inaweza kukaa kwenye kisanduku miaka na mwenyewe yuko udongoni. Mkono wa kinanda hauwekwi kwenye betri. Mtu ukimtafuta lazima upate vyote viwili, na vikipingana, uulize kwa nini. Nilikuwa na herufi zilizobadilika, nilikuwa na do, nilikuwa na Akal mwenyewe kaniambia usoni. Nikamfokea.

Nilitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Akal, jua bado kali. Alikuwa anapepeta mahindi nje. Nilitaka kuzunguka zunguka kwanza, nikashindwa.

"Akal, Lowoi alikufa. Kabla ya zile santuri tatu. Kabla hujanijia dukani. Ngoma ilikuwa ya mashine yake, wamebaki wanaitumia. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaweka ungo chini. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, angenitukana, angenitupia ungo usoni.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Watu wa studio walimzika."

"Walijua jina lake?"

Nikatikisa kichwa. Hapo ndipo alipolia, kanga mdomoni, na mimi nikakaa chini kwenye makapi karibu naye, siwezi kumgusa. Nilimwambia nisamehe. Nilimwambia mara nyingi, wallahi, mpaka neno likakosa maana.

Baadaye akajifuta, akaokota ungo, akaendelea kupepeta.

"Jana nilikutana na Ebei sokoni," akasema, bila kuniangalia. "Alikuwa amebeba mtoto. Mkewe amezaa. Akanipa nishike."