Ukurasa Usiosogea

Kama kuna mtu aliyewahi kugombana na nukta akashindwa, ni Mwalimu Shamimu wa Ruangwa. Zile nukta zinazotambaa kwenye ukurasa wa Yaliyomo, kutoka jina la sura mpaka namba ya ukurasa, alizigonga mwenyewe kwa kidole, mstari baada ya mstari, zikasimama sawa kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu. Akiongeza neno kwenye jina la sura, zinatawanyika kama wanafunzi haohao wakisikia kengele ya kwenda nyumbani.

Na tasnifu yenyewe ilishapita. Hapo ndipo palipomuuma. Watahini walikaa, wakamhoji, wakakubali kwamba utafiti wake wa majina ambayo wachimbaji wadogo huyapa maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, unastahili shahada ya uzamili. Walichotaka ni kwamba jina la tasnifu lisiishie Namungo, maana data nyingine zilitoka nje ya hapo; lisomeke Wilayani Ruangwa. Akabadilisha, akatuma chuoni, ikarudi. Ikisiri imezidi ukurasa mmoja. Namba za Yaliyomo hazilingani na za ndani. Jedwali lina jina hili kwenye orodha na jina lile kwenye sura. Vifupisho havikufuata alfabeti. Akarekebisha, akatuma, ikarudi tena: sasa namba za Kirumi, ambazo ni za kurasa za mwanzo tu, zimeingia mpaka Sura ya Pili kama mgeni asiyejua kuaga. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi jioni. Atakayechelewa atangoja mahafali ya mwakani.

Mwakani ni neno jepesi kwa mtu asiye na mama kama Bi Saada. Kule Naipingo, Bi Saada alishachagua kitenge cha sare, mashangazi walishapimwa, na fundi alishakata. Kila akipiga simu alikuwa anauliza swali moja tu: tarehe ni ipi?

Ijumaa yenyewe, asubuhi na mapema, Shamimu alishuka Nachingwea na laptopu yake kifuani kama kapakata mtoto mgonjwa. Alikuwa anakwenda kwa Titus, rafiki wa mumewe, mwalimu wa kompyuta aliyehitimu chuo hichohicho mwaka uliopita na ambaye tangu siku hiyo hakukaa na mtu dakika mbili bila kumkumbusha. Titus alifungua tasnifu, akatazama zile nukta kama daktari aliyeona kidonda kilichopakwa majivu.

"Shemeji," akasema, "hizi ulizihesabu au ulikuwa unavuta tasbihi?"

Shamimu akamwambia afanye kazi, utani ataufanya na mke wake.

Kazi ilifanyika. Titus alieleza kwamba Yaliyomo hayaandikwi; kompyuta ndiyo huyakusanya, mradi kila kichwa cha sura umekipa mtindo wa vichwa. Akaweka mkato wa sehemu kabla ya Sura ya Kwanza, Kirumi kikabaki nyuma na moja ikaanza upya. Akazifuta nukta zote, na Shamimu akazitazama zikipotea kama anaaga ndugu. Kisha akabofya, orodha mpya ikajitokeza, ikashuka, ikaendelea kushuka, ikajaza kurasa saba. Baina ya 4.2 na 4.3, kwa herufi nzito na namba ya ukurasa pembeni, palisomeka: "Duara lile tuliliita Mkwe Hanuni kwa sababu kila ukienda linapokea tu, wewe unatoka mikono mitupu."

Titus akaegemea kiti akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe Shamimu, kwa kupenda maneno ya wachimbaji wake yang'ae, kila nukuu aliipa mtindo wa kichwa cha habari, na kompyuta haina habari kwamba mchimbaji si sura. Shamimu hakucheka. Alikuwa na haki ya kutocheka. Wakazirudisha nukuu zote kwenye mtindo wa maandishi ya kawaida, moja baada ya nyingine, kisha wakahamia kwenye majedwali, ambayo mengine aliyaita "Jedwali 4.2" na mengine "JEDWALI NA. 4.3", kana kwamba ni watoto wa baba mbalimbali. Vifupisho vikapangwa, BAKITA ikapanda, TAMISEMI ikashuka. Ikisiri ikapunguzwa, na sentensi aliyoipenda kuliko zote, iliyomtaja bibi yake, ikahamishiwa kwenye Shukrani.

Mwisho Titus akatafuta neno Namungo kwenye kurasa zote za mwanzo, ahakikishe halikubaki katika jina la tasnifu. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna. Shamimu akavuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi, akapitisha macho kwa mara ya mwisho, na macho yakakwama kwenye Uthibitisho.

Ukurasa ule, ambao msimamizi hutamka kwamba ameisoma kazi na anaipendekeza, ulikuwa na saini ya Dokta Eustakio, na juu ya saini, katika alama za kunukuu, jina la zamani: Namungo. Ulisainiwa kabla ya mahojiano na watahini, ukapigwa picha, ukabandikwa.

"Mbona hukuuona?" akamuuliza Titus.

"Nimetafuta maneno, shemeji. Hiyo ni picha. Ndani ya picha kompyuta haisomi kitu."

Wazo la kufuta na kuandika juu lilipita kichwani mwa Titus; Shamimu aliliona usoni mwake akalikataa kabla halijasemwa. Saini imewekwa chini ya jina lile, si jingine. Walichapa Uthibitisho mpya, na tasnifu wakaiweka kwenye simu ya Shamimu. Dokta Eustakio alikuwa likizo kwao Chiola, hapokei simu, na kila mtu alijua kwa nini: ni msimu wa kupulizia mikorosho dawa.

Bodaboda ilimfikisha Shamimu shambani akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Dokta alikuwa katikati ya wingu la salfa, kitambaa puani, mashine mgongoni, njano kuanzia kofia hadi viatu. Akazima mashine, akasikiliza, akanyoosha mkono. Shamimu akampa kalamu. Dokta hakuitaka kalamu; alitaka simu yenye tasnifu.

"Dokta, muda," akasema Shamimu.

"Mwanangu, muda ndio uliotufikisha hapa."

Akasoma jina kwenye jalada, neno kwa neno, kidole kikitembea. Akalisoma kwenye Uthibitisho. Akafungua Yaliyomo, akachagua kichwa kimoja, akaenda kwenye ukurasa uliotajwa kuona kama kweli kinaishi pale. Kilikuwepo. Akachagua kingine. Shamimu alisimama akiukasirikia kila mkorosho uliokuwa kimya namna ile. Hatimaye Dokta akageuza paja lake mwenyewe kuwa meza, yaani akamwambia yule wa bodaboda aishikilie mashine, akapiga goti, akasaini. Alipomrudishia karatasi, pembeni ya saini palibaki dole gumba la njano, zima, lenye mistari yake yote.

Karatasi ilikuwa moja tu.

Nachingwea, Titus aliipiga picha, akaibandika, akaisogelea skrini. Akasema hiyo alama ataisafisha, ni kazi ya dakika, vinginevyo chuo kitasema ukurasa mchafu.

"Usiguse," Shamimu akasema.

"Shemeji, ni doa."

"Ni picha. Ina jina sahihi, ina saini, na katika tasnifu nzima ndiyo pekee isiyosogea. Tuma."

Titus akatuma. Jibu likaingia dakika chache kabla ya saa kumi: imepokelewa, kurasa za mwanzo ziko sawa, jina limeingizwa kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka huu.

Simu ikaita. Bi Saada. Shamimu aliiacha iite kidogo. Alikuwa amefungua Yaliyomo tena, akihakikisha.