Miguu Hupimwa Jioni

Bi Saadiya binti Mbaruk hakumuuzia mtu kiatu cha mtoto asubuhi. Ungemjia na pesa mkononi, umetoka Kishushe juu ya lori, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, angekutazama juu ya miwani yake akakwambia urudi baada ya alasiri. Wenye maduka wenzake hapo Voi walimcheka. Biashara gani hii ya kufukuza wateja? Yeye hakubabaika. Mguu, alisema, huamka mwembamba. Ukishatembea kutwa, ukasimama gwarideni, ukakimbizana juani, huvimba kidogo, na mguu huo uliovimba ndio utakaokaa ndani ya kiatu saa tisa alasiri mwalimu akifundisha hesabu. Ukipima asubuhi unamnunulia mtoto malengelenge.

Elimu hiyo aliirithi kwa marehemu babake pamoja na duka lenyewe, na aliilinda kama watu wanavyolinda hati za shamba. Mtoto alisimama na soksi zake juu ya ubao wa kupimia, uzito kwenye miguu yote miwili, maana mguu wa aliyeketi ni mfupi kuliko mguu wa aliyesimama. Alipima wa kulia na wa kushoto, akaufuata ulio mrefu. Kiatu kikishavaliwa na kisigino kurudishwa nyuma kabisa, Bi Saadiya alipiga goti akapapasa mbele kutafuta kidole kilichotangulia vingine, ambacho kwa watoto wengine si kile kikubwa. Baina ya kidole hicho na mwisho wa kiatu palitakiwa pakae upana wa kidole chake gumba. Pasipofika, kiatu hakimalizi mwaka. Pakizidi, mtoto anaburura miguu na kujikwaa. "Gumba moja," alisema. "Si nusu, si mbili." Akina mama waliotaka kiatu cha kuvaliwa miaka mitatu aliwatukana kwa adabu, wakacheka, wakanunua kile alichowachagulia yeye.

Tryphena alikuwa mmoja wa hao. Aliuza mboga sokoni, kabeji na karoti zilizoshuka kutoka milimani, na kila Januari alifunga meza yake mapema akaja na binti yake wa pekee, Wakesho. Januari ya mwaka tisini na sita Wakesho alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mdomo haufungiki. Alisimama kwenye ubao akauliza kama gumba la Bi Saadiya nalo linakua, kwa sababu likikua watu watauziwa viatu vikubwa kila mwaka. Bi Saadiya alicheka hadi akavua miwani. Alimpa namba mbili, na mbele pakabaki gumba moja kamili.

Mwezi wa tano, shule zinafunguliwa muhula wa pili, wakarudi. Safari hii Wakesho hakuuliza kitu. Aliketi kwenye benchi akaegemea ukuta.

"Bi Saadiya, kiatu kinamkataa," alisema Tryphena. "Asubuhi kinaingia vizuri, lakini jioni hakifungiki kamba. Miguu inafura."

"Mama Wakesho, nakwambia nini siku zote? Miguu ya kila mtu hufura jioni. Hata yangu. Ungekuja asubuhi ningekupimia nini?"

"Kwa hivyo si ugonjwa? Maana mamangu ananiambia nimpeleke hospitali. Nilikuwa nimepanga kesho."

"Utafunga meza kutwa nzima, upange foleni, ukaambiwe mtoto anakua. Hayo si nakwambia mimi bure?"

Tryphena akashusha pumzi, na uso ukamnyooka. Alikuwa mtu wa kumwamini anayejua kazi yake. Bi Saadiya akapiga goti, akapapasa mbele ya kiatu kile cha Januari, na kidole chake gumba kikatua palepale, kikajaa vizuri, hakikubanwa. Mtoto anayekua huila ile nafasi. Miezi minne ilikuwa imepita na huyu hakuwa ameila hata kidogo. Mguu haukurefuka, ulijaa juu tu, mpaka ngozi ikang'aa na alama za soksi zikakaa kama zimechongwa. Mkono ulimwambia, lakini yeye mdomo wake ulikuwa umeshasema. Akatoa namba tatu, pana zaidi, kamba zikafungika, na mbele pakabaki karibu gumba mbili. Katika miaka ishirini ya kuuza viatu hakuwa amewahi kumruhusu mtoto atoke dukani hivyo. "Huyu ataijaza upesi," alisema.

Julai akasikia Wakesho amelazwa. Alifunga duka akaenda na chupa ya uji. Tryphena alikuwa ameitwa dirishani kufuata faili, na Bi Saadiya akabaki kando ya kitanda peke yake na mtoto. Uso wa Wakesho ulikuwa umefura, macho yamebaki vijistari viwili, na ilikuwa asubuhi. Ndipo Bi Saadiya alipotambua kwamba mwaka mzima hakuwahi kumwona mtoto huyu asubuhi. Angemwonaje, na asubuhi yeye alikuwa anawafukuza watu?

Daktari alipopita alimdhani ni bibi wa mgonjwa. Alikibonyeza kidole gumba juu ya muundi wa Wakesho, akakishikilia kwa muda, akakiondoa. Kishimo kikabaki pale, kirefu, mtu angeweza kutia punje ya hindi.

"Mguu uliochoka kwa kutembea hauachi shimo hivi," alisema. "Hii ni figo. Uso unavimba asubuhi, miguu inavimba jioni. Mngemleta hata mwezi wa tano, kuna dawa tungejaribu, na wengi hupona. Sasa figo zenyewe zimechoka. Nani aliwaambia mngoje?"

Tryphena aliporudi na faili, aliambiwa neno figo, akaambiwa waombe. Hakuambiwa habari ya mwezi wa tano, na aliyekuwa anaijua aliikunja pamoja na kitambaa cha chupa ya uji akaenda nayo nyumbani.

Wakesho alizikwa Septemba, kwao milimani. Bi Saadiya alipanda huko na sukari na unga, akakaa na wanawake, na Tryphena akamshika mkono akamwambia, "Wewe ulikuwa unampenda." Hakuna tusi ambalo lingemchoma hivyo. Alirudi Voi akaanza kuwauzia watu viatu asubuhi, mchana, wakati wowote waliotaka. Wateja walidhani uzee umemlainisha.

Januari iliyofuata, jioni moja duka limejaa, Tryphena akaingia na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na vile viatu namba tatu, soli zake bado zina nembo.

"Vilivaliwa wiki nane tu," alisema. "Naviona kila nikifagia. Vitafutie mtoto vinayemtosha, Bi Saadiya. Sitaki kitu."

Kwenye benchi alikuwa ameketi Ndunge, mke wa fundi wa reli, na binti yake Mable, wa miaka minane au tisa. Ndunge alivitupia macho viatu vile, kisha akavua ndala za mtoto. "Huyu naye ni kunisumbua tu," alisema. "Asubuhi kiatu kinamtosha, jioni analia kinambana. Miguu inafura, sijui kama nimuonyeshe daktari."

Na kabla Bi Saadiya hajafungua mdomo, Tryphena akamwekea Ndunge mkono begani. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwokolea mwenzake siku ya kazi.

"Usihangaike, mama. Ni kawaida. Miguu ya kila mtu hufura jioni. Mimi pia nilikuwa na wasiwasi hivyo hivyo, Bi Saadiya ndiye alinielezea."

"Kumbe?" Ndunge akamgeukia mwenye duka. "Basi nipimie tu."

Bi Saadiya alisimama na ubao mkononi. Angeweza kupima. Angeweza kungoja Tryphena atoke, amfuate Ndunge mlangoni, amnong'oneze. Mtoto yule pengine hana kitu, miguu ya watoto wengi hufura hivyo na hawafi. Lakini Tryphena hakuwa na haraka ya kutoka, na Ndunge alikuwa ameshatoa wasiwasi wake akauweka chini, na Bi Saadiya alijua vizuri jinsi mama anavyotoka dukani akiwa ameshauweka chini.

Akapiga goti. Hakuchukua kiatu. Alikibonyeza kidole gumba juu ya muundi wa Mable, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akakiondoa. Ngozi ikarudi mara moja, sawa kama ilivyokuwa. Akabonyeza mguu wa pili, ukarudi pia.

"Asubuhi uso unamvimba? Macho?"

"La," alisema Ndunge. "Asubuhi ana uso wa kawaida."

"Basi kiatu ndicho kidogo. Lakini sikiliza. Ukibonyeza hivi shimo likibaki, au uso ukimfura akiamka, usije kwangu. Usimsikilize mtu yeyote mwenye duka. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo."

Alijua alichokuwa anakisema, na nani alikuwa amesimama nyuma yake akikisikia. Hakugeuka. Alimvalisha Mable namba moja, akapapasa mbele, akaacha gumba moja. Ndunge akalipa akaenda, bila kuvitazama tena vile vya mfuko, na wateja waliobaki wakaona kuna jambo, wakajifanya wanatazama ndala.

"Wangu alikuwa anafura uso asubuhi," alisema Tryphena. "Nilidhani anapitiliza usingizi."

Bi Saadiya alibaki amepiga goti.

"Ulijua lini?" Tryphena akamuuliza.

"Julai. Ulipoenda kufuata faili. Daktari alisema angeletwa mwezi wa tano kuna dawa."

"Mwezi wa tano nilikuja hapa."

"Ulikuja hapa. Na mkono wangu ulijua mguu haujakua. Niliugusa mwenyewe. Nikakwambia anakua."

Tryphena hakupiga kelele, wala hakulia. Aliketi mahali alipotoka Mable, akavua kiatu chake cha sokoni, akauweka mguu mbele ya Bi Saadiya.

"Nionyeshe."

"Mama Wakesho, nisamehe."

"Nionyeshe ulivyofanya."

Bi Saadiya akakiweka kidole juu ya muundi wake, akabonyeza, akahesabu, akakiondoa. Ngozi ikarudi.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Tryphena.

"Ni hivyo tu."

Tryphena akakiweka kidole chake mwenyewe palepale, akabonyeza, akahesabu kwa sauti hadi kumi, akaachilia. Kisha akaanza tena kutoka moja.