Hasi Mbili

Barua pepe ya mfamasia mkuu iliwafikia wauguzi sitini wa zahanati zote: friji za chanjo zikae kati ya nyuzi hasi mbili na nane. Muuguzi mmoja alishtuka. Ni mbili, si hasi mbili. Kuna chanjo zikiganda zimeharibika. Lakini amsahihishe mkubwa wake mbele za watu? Akabonyeza "Jibu", akamwandikia yeye peke yake, kwa adabu zote.

Simu ikaita papo hapo.

"Mama, mbona unaninong'oneza? Wenzako wameshaisoma. Naingia kikaoni, wewe wajibu wenzako wote."

"Nitakuaibisha, mkuu."

"Aibu yangu itapoa. Chanjo ikiganda, basi tena."

Akabonyeza "Jibu wote", akaandika mistari miwili. Baada ya kikao mkuu akawaandikia wote: "Kanisahihisha vizuri. Shukrani mtumieni yeye tu, msitujazie sote barua pepe."

Ya kwanza ilitoka zahanati ya mbali kabisa: "Dada, mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe cha friji. Asante sana."

Aliisoma mara mbili, moyo ukamtulia. Akamjibu huyo mmoja: "Asante wewe, uliyesoma kabla ya kukibonyeza."