Jumamosi ya Mwisho ya Januari

Bwana Ombui aliweka sharti moja. Barua yangu ya kuhamia ofisi ya Masimba angeisaini siku ambayo makarani wawili wapya wangetoa ripoti ya mwezi peke yao, kwa kufuata maelezo niliyoandika, bila mimi kugusa kompyuta. Bwana Ombui ni meneja wa ofisi ya kiwanda chetu cha chai huku Ikonge, na akisema neno halirudi nyuma.

Masimba ndiko aliko mwanangu Gesare, kwa mama yangu. Mwezi wa Januari alianza darasa la kwanza bila mimi. Nilitumiwa picha kwa simu: sweta mpya, mikono imemzidi hadi vidole havionekani. Nilitaka kuikunja ile mikono. Basi. Mtu anaweza kukaa ofisini siku nzima akiwaza mikono ya sweta.

Kwa hiyo niliandika maelezo yangu vizuri, tena kwa Kiswahili cha kawaida, ili mtu asome huku akifanya.

"Kabla ya kitu chochote, bonyeza Futa Filta. Aliyekaa hapo kabla yako huenda alichagua kituo kimoja tu akaondoka, na wewe utadhani kituo hicho ndicho kiwanda kizima. Filta haifuti kitu, inaficha tu. Usichokiona bado kipo. Kwa hiyo usifute mstari wowote wala usiandike juu yake wakati filta imewashwa. Tarehe usiiandike kwa mkono, ichague kwenye kalenda: kwanza mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Chagua siku ya kwanza ya mwezi na siku ya mwisho. Soma tena ulichochagua kabla ya kubonyeza Tafuta."

Nyanchoka aliyasoma kwa sauti huku amesimama, kama anasoma kanisani. Jasper alikaa kwenye kiti changu akizunguka nacho.

"Madam, kwa nini nisiandike tarehe tu? Mimi naandika haraka."

"Andika tatu, mstari, mbili. Hiyo ni siku gani?"

"Tarehe tatu mwezi wa pili."

"Kompyuta ya pale stoo inasema ni tarehe mbili mwezi wa tatu. Sasa nani atakuamini, wewe au yeye?"

Nyanchoka alicheka. "Jasper haaminiwi hata na mama yake."

"Na wewe uliyechapisha kituo kimoja jana ukasema kiwanda kimekufa?"

"Nilisahau kufuta filta! Mara moja!"

"Acheni," nikasema. "Fanyeni tena."

Walifanya tena na tena mpaka vidole vyao vikajua njia. Jioni nilimpigia Gesare nikamwambia mama anakuja. Aliniuliza kama nitakuja na kitanda changu. Nikasema ndiyo, na kitanda.

Januari iliisha Jumamosi. Jumatatu asubuhi Bwana Ombui aliingia na barua yangu mkononi, akasimama nyuma ya wale wawili. Mimi niliambiwa nikae mbali, karibu na dirisha, mikono mapajani.

Walifuata kila neno. Jasper alifuta filta. Nyanchoka alichagua mwaka, mwezi, siku ya kwanza, siku ya mwisho, akasoma tena, akabonyeza. Ripoti ikatoka: vituo vyote vya kununulia majani upande mmoja, siku za mwezi juu, kilo katikati.

"Mbona tarehe thelathini na moja yote ni sufuri?" Bwana Ombui aliuliza.

"Ni Sabato, mzee," Jasper alisema upesi. "Watu walikuwa kanisani."

Bwana Ombui ni mzee wa kanisa la Waadventista. Hilo lilimwingia bila shida. Akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Sabato hatuchumi."

Akaiweka barua mezani, akatoa kalamu mfukoni.

Nilikuwa nimeinuka nikasogea kidogo ili niione ile sahihi kwa macho yangu. Ndipo jicho likapita kwenye skrini, kwenye kituo cha karibu na parokia. Mimi ni Mkatoliki na wachumaji wa pale nawajua, nasali nao. Jumamosi wao huchuma. Nikatazama Jumamosi nyingine za mwezi huo: vituo vingi sufuri, lakini pale kwa parokia palikuwa na kilo kila Jumamosi, si nyingi ila zipo. Ya mwisho tu ndiyo tupu.

Hakuna mwingine aliyeona. Kalamu ilikuwa imefunguliwa. Wiki ijayo ningekuwa Masimba, naamka na mtoto wangu, namsuka, namsindikiza mlangoni. Wakulima wangelalamika baadaye, na mtu mwingine angetafuta kosa. Naandika hivi kwa sababu niliyawaza yote hayo, tena kwa utaratibu.

"Mzee, usisaini," nikasema.

Waligeuka wote watatu.

"Nyanchoka, rudi kwenye kalenda. Weka kishale juu ya tarehe ya mwisho. Chini yake kuna nini?"

Akainama. "Kuna saa. Sufuri sufuri, sufuri sufuri."

"Umeiambia mashine ikomee pale siku ya thelathini na moja inapoanza, saa sita usiku. Kila kilo iliyopimwa mchana wa siku hiyo imebaki nje. Weka ishirini na tatu, hamsini na tisa. Tafuta tena."

Akabonyeza. Kituo cha parokia kikajaa kilo. Vingine vikabaki sufuri, kwa sababu kweli ilikuwa Sabato.

Jasper aliokota karatasi yangu, akaipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Madam, lakini hapa hakuna mahali umesema saa."

"Hakuna."

"Mbona ukifanya wewe inatoka sawa?"

"Kwa sababu mkono wangu huiweka wenyewe. Sijawahi kufikiria kwamba naiweka."

Nyanchoka aliuma mdomo. "Pole, madam. Tulipaswa kuona."

"Mngeonaje? Niliwaambia msome mlichochagua. Mkasoma tarehe, na tarehe ilikuwa sawa."

Bwana Ombui alifunga kalamu polepole. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wake mzuri akikataa kupanda lori.

"Mokeira, ungenyamaza ningesaini."

"Najua."

"Na tulikubaliana. Wao peke yao."

"Najua, mzee."

"Basi ripoti ya Februari." Akakunja barua, akairudisha mfukoni.

"Na Februari pia inaisha Jumamosi," Nyanchoka alisema kwa sauti ndogo.

"Vizuri," nikasema. "Huo ndio mtihani wenyewe."

Bwana Ombui alipotoka nilivuta karatasi nikaongeza: "Tarehe ya mwisho ina saa yake. Iweke ishirini na tatu, hamsini na tisa. Ripoti ikitoka, tazama siku ya mwisho. Ikiwa tupu, usiseme ni Sabato mpaka umeilinganisha na Jumamosi nyingine, na uilinganishe jumla ya ripoti na jumla ya kilo zilizopimwa kwenye mizani." Nikampa Jasper asome, kisha afanye, nikiwa mlangoni nimempa mgongo. Akafanya sawasawa.

Saa ya chakula nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta, penye mtandao. Mama alipokea, akampa Gesare simu. Alikuwa amerudi kutoka shule, nilisikia anatafuna.

"Mama, umefika wapi?"

"Bado niko kazini."

"Na kitanda?"

"Kiko hapa. Nitakuja mwezi huu ukiisha."

Alitafuna kwanza. "Unaisha lini?"

"Jumamosi moja hivi. Sweta inakutosha?"

"Magokoro ameikunja mikono," alisema. "Ameishona kabisa."

Nikamwambia vizuri. Nikamwambia amshukuru huyo Magokoro, nyanya yake. Halafu nikarudi ndani, kwa sababu Jasper alikuwa ananiita kutoka dirishani.

"Madam! Nimefuta filta, lakini kuna kituo bado kimejificha!"

"Kipo," nikamjibu. "Usiguse kitu. Nakuja."